Alama ya 2 haitoshi: kwa nini plastiki ya dumu inagoma kujaa kwenye kalibu

Chukua dumu tupu la mafuta ya kula na kizibo cha chupa ya maji. Vigeuze uangalie alama. Kwenye dumu utakuta pembetatu yenye namba 2 na chini yake HDPE. Kwenye vizibo vingi utakuta hiyohiyo 2. Kwa mtu yeyote hiyo ni plastiki moja, na duka la vyakavu litakununulia kwa bei moja. Lakini saga dumu peke yake na vizibo peke yake, kisha utie kwenye mashine ya mkono ya kusukumia kwenye kalibu, utaona ni kama mali mbili tofauti. Ya vizibo inaingia na kujaza mpaka pembe za mwisho. Ya dumu inaishia njiani, unabaki na kitu nusu, kimoja hakina mkia na kingine hakina masikio.

Tunaandika haya kwa sababu biashara ya vitu vidogo vya plastiki chakavu imeshawaingia wengi humu. Vishika funguo, vitana, visahani vya sabuni, sumaku za friji. Kwa Unguja soko la wageni lipo, na njia ya Jozani ni mfano mzuri: watu wanakuja kuangalia kima punju kwenye Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, wanapiga picha, wanataka kitu cha kuondoka nacho. Tuseme basi kuna muuzaji pale Pete, anauza kwa Instagramu na Wasapu, na kalibu yake ya alumini ni ya kima punju. Kila kishika funguo kina gramu 8. Ameletewa oda ya vipande 200, yaani kilo 1.6 za plastiki. Kwa vizibo vya gramu 2, hivyo ni vizibo 800. Hana vizibo 800, ila ana madumu tele nyuma ya nyumba. Kwa nini asitumie madumu?

Hapa ndipo oda inapoharibika, na pembetatu ile haikuonyi. Ile namba inakwambia familia ya plastiki tu. Haikwambii inatiririka vipi ikiyeyuka, na mashine yako inajali hilo la pili.

Tambi ndefu na tambi fupi

Plastiki ni minyororo mirefu mno, ambayo jicho haliioni. Fikiria sufuria ya tambi. Tambi zikiwa ndefu zinashikana, ukivuta moja zinakuja zote. Zikiwa zimekatwakatwa, kijiko kinapita bila tabu. Plastiki iliyoyeyuka iko hivyohivyo: minyororo ikiwa mirefu inafungana, na mali inakuwa nzito kutiririka. Uzito huo wa kutiririka ndio unaitwa mnato. Asali ina mnato kuliko maji, na HDPE iliyoyeyuka ina mnato mkubwa kuliko asali kwa mbali sana.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Ukiuzidisha urefu wa minyororo mara mbili, mnato hauzidi mara mbili. Unazidi karibu mara kumi. Ndiyo maana vitu viwili vyenye alama moja ya 2, rangi moja na uzito mmoja mkononi, vinaweza kuachana sana ndani ya mashine. Kiwanda cha madumu kilichagua minyororo mirefu kwa makusudi, na kiwanda cha vizibo kilichagua mifupi, pia kwa makusudi. Sababu ya kila mmoja tutaifikia.

Namba iliyoandikwa kwenye gunia

Wanaonunua plastiki mpya ya punje wanaijua tofauti hii kwa namba moja iliyochapwa kwenye gunia au kwenye karatasi ya mzigo: MFI, wengine wanaandika MFR au MI. Kwa Kiswahili tuiite kiwango cha mtiririko. Kinapimwa kwa njia nyepesi ajabu. Kuna silinda ndogo ya chuma iliyopashwa moto, chini yake kuna kitundu cha upana wa milimita 2.095 na urefu wa milimita 8. Unatia plastiki, unasubiri iyeyuke, unaweka pistoni yenye uzani juu yake, halafu unapima ni gramu ngapi zinatoka kwa dakika 10. Basi. Kwa HDPE moto ni nyuzi 190 na uzani wa kawaida ni kilo 2.16. Kwa PP, ile yenye alama ya 5, moto ni nyuzi 230 kwa uzani huohuo.

Kwa hiyo namba kubwa maana yake mali nyepesi, inatiririka, minyororo mifupi. Namba ndogo maana yake mali nzito. HDPE ya kupulizia madumu na chupa huwa karibu na 0.3. Soma tena: theluthi ya gramu kwa dakika kumi. Ile ya kusukumia kwenye kalibu, ya makreti na ndoo, mara nyingi iko kati ya 4 na 8, na ya vitu vyembamba inapanda kupita hapo. Vizibo vinatofautiana. Vya soda viko chini kwa sababu vinabanwa na gesi na lazima viwe vigumu kupasuka. Vya maji ya kawaida huwa juu. Kwa hesabu zetu tuseme vizibo alivyokusanya muuzaji wetu vina 8.

Gawa 8 kwa 0.3. Unapata karibu 27. Kwa msukumo uleule na moto uleule, plastiki ya vizibo inatoka mara 27 kuliko ya dumu. Huu ndio mkia wa kima uliokosekana.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea, maana imewapiga wanaoagiza punje kwa simu. Muuzaji akikwambia "MFI yake 10", muulize: kwa uzani gani? Plastiki nzito sana hupimwa kwa kilo 5 au hata kilo 21.6, kwa sababu kwa kilo 2.16 haitoki vya kutosha kupimika. Basi 10 ya kilo 21.6 ni mali ya mifuko, nzito kabisa, na 10 ya kilo 2.16 ni mali nyepesi ya kalibu. Namba ileile, gunia linalofanana, na ukikosea hakuna wa kukurudishia pesa. Karatasi nzuri inaandika yote, mfano "0.35 g/10 min (190 °C / 2.16 kg)". Ikiandikwa namba tupu, usilipe kwanza.

"Nitaongeza moto"

Ndiyo fikra ya kwanza ya kila mtu. Inagoma? Panda kutoka nyuzi 190 hadi 230. Kwa plastiki nyingine ushauri huo una maana. Kwa HDPE hausaidii sana, kwa sababu mnato wake haubadiliki sana kwa moto. Nyuzi 40 za ziada zinakupa mtiririko wa chini kidogo ya mara mbili. Wewe ulikuwa unahitaji mara 27. Huku ukiendelea kupanda, moshi unaanza, rangi inageuka kuwa ya kahawia, harufu inabaki kwenye bidhaa na mteja anaisikia akifungua bahasha. Ukiona moshi umeshapita mpaka, shusha moto, na fanyia kazi mahali penye upepo. Na plastiki yenye alama ya 3, PVC, isiguse mashine yako hata kidogo. Ikiungua inatoa gesi yenye tindikali inayochoma kifua na kula chuma.

Sasa utauliza, na ni swali la haki: mbona kuna viwanda vinavyosukuma mali nzito kwenye kalibu na inajaa? Jibu liko kwenye tabia moja ya plastiki iliyoyeyuka ambayo maji hayana. Plastiki ikisukumwa kwa nguvu, inakuwa nyepesi zaidi.

Unaijua tabia hii kwenye chupa ya tomato sosi. Imeganda, haishuki. Ukiitikisa au ukiiminya kwa nguvu inatoka ghafla, tena nyingi kuliko ulivyotaka. Plastiki ina yake ya namna hiyo. Minyororo ikikaa kimya imejikunja na kufungana. Ikivutwa haraka kupita tundu jembamba, inanyooka na kulala upande mmoja kabla haijapata muda wa kufungana tena, na mnato unashuka. Ukipunguza mwendo, inarudi nzito kama mwanzo. Kwa maji yanayopita taratibu kwenye bomba, ukizidisha msukumo mara mbili yanapita mara mbili. Kwa plastiki iliyoyeyuka, msukumo mara mbili unaweza kupitisha mara nne au tano.

Na plastiki nzito za kupulizia zina tabia hii kwa wingi zaidi kuliko zile za kalibu. Ukichukua kile kifaa cha kupimia na kuzidisha uzani mara kumi, kutoka 2.16 hadi 21.6, HDPE ya kalibu inatoka kama mara 25 hadi 30 zaidi. Ya madumu inatoka mara 80 na kuendelea. Maana yake ni kwamba kadiri mashine ilivyo na nguvu, ndivyo pengo kati ya dumu na kizibo linavyopungua. Ile namba ya MFI inapimwa kwa msukumo mdogo sana, wa kama baa 3 tu. Inasema kweli kuhusu mwendo wa pole, na haisemi yote kuhusu mwendo wa kasi.

Piga hesabu ya mashine ya mkono uone uko wapi. Pistoni ya upana wa milimita 25 ina eneo la karibu sentimita za mraba 4.9. Ukining'inia kwenye mkono wa mashine kwa kilo 40, na mkono unazidisha nguvu mara 5, pistoni inapata kilo 200. Gawa kwa 4.9, unapata kilo 41 kwa kila sentimita ya mraba, yaani karibu baa 40. Mashine za kiwandani zinasukuma baa 500 hadi 1,500, na nyingine zaidi. Wao wanaifanya plastiki nzito iwe nyepesi kwa nguvu tupu. Wewe una baa 40, hujafika huko. Kwa mashine ya mkono, pengo linapungua lakini haliishi, na namba ya MFI unayoanza nayo bado ina uzito mkubwa.

Kuna mlango mmoja mdogo ambao watu hawauangalii, nao ni tundu la kuingilia kwenye kalibu. Tundu la duara likipanuliwa kidogo, kinachopita kinaongezeka sana, kwa sababu upana unajizidisha wenyewe mara nne na zaidi kwenye hesabu. Kutoka milimita 3 hadi milimita 4 kunakupa mtiririko wa mara tatu hadi nne kwa nguvu ileile ya mkono. Linganisha na nyuzi 40 za moto ambazo zilikupa chini ya mara mbili pamoja na moshi. Fundi mwenye drili anaimaliza kazi hiyo kwa dakika tano. Utabaki na kidoti kikubwa zaidi cha kukata kwenye bidhaa, hiyo ndiyo gharama yake. Pasha pia kalibu ya alumini ijisikie ya moto mkononi kabla ya kusukuma, na ukianza kusukuma usisimame katikati. Ukisimama, plastiki inarudi kuwa nzito na kingo zinaganda, halafu hata ukikaa juu ya mkono haitasonga.

Kuchanganya

Muuzaji wetu wa Pete atasema: basi nichanganye, nusu vizibo nusu madumu, nitapata katikati. Katikati ya 8 na 0.3 ni kama 4, si mbaya.

Haifanyi kazi hivyo. Mali nzito inavuta mchanganyiko upande wake kuliko sehemu yake. Nusu kwa nusu haikupi 4, inakupa karibu 1.5. Hata ukitia robo tu ya dumu kwenye robo tatu za vizibo, 8 inashuka mpaka karibu 3.5, chini ya nusu. Kwa kalibu nene yenye umbo jepesi, kama kisahani cha sabuni cha milimita 5, 3.5 inaweza kukutosha. Kwa mkia wa kima punju wa milimita 2, hapana.

Na hapo tumesema HDPE kwa HDPE. Vizibo vingine vina alama ya 5, ni PP, na mtu anavitia humohumo kwa sababu ni vya rangi nzuri. PP na HDPE hazishikani zikiyeyushwa pamoja. Bidhaa inatoka vizuri, inang'aa, unaipiga picha, unaituma. Wiki ya pili mteja anakutumia picha ya kishika funguo kilichobambuka tabaka kama kitunguu. Zote mbili zinaelea majini, kwa hiyo jaribio la maji halikusaidii kuzitenga. Moto unasaidia: HDPE inayeyuka karibu na nyuzi 130 na PP karibu na nyuzi 160. Weka sampuli kwenye oveni ya nyuzi 145 kwa robo saa, juu ya karatasi ya kuokea. Iliyolala na kung'aa ni HDPE. Iliyosimama na kingo zake ni PP, itenge, ifanyie bidhaa yake peke yake. Oveni hiyo isiwe ya kupikia chakula.

Pale ambapo dumu ndilo zuri

Msitupe madumu. Kuna kazi ambayo kizibo kinashindwa na dumu linaweza, nayo ni kutoa mbao na fito kwa ekstruda, mashine yenye skrubu inayoyeyusha na kusukuma plastiki mfululizo kupitia mdomo wenye umbo.

Mfano mkubwa wa plastiki chakavu kugeuzwa mbao kwenye pwani yetu mliuona wenyewe. Jahazi la Flipflopi lilijengwa Lamu, urefu wa karibu mita 9, kwa karibu tani 10 za plastiki chakavu, chini ya fundi jahazi Ali Skanda, likashushwa majini mwaka 2018. Mwanzoni mwa 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Mji Mkongwe, safari ya kama kilomita 500. Mafundi waliokuwa wamezoea kuchonga mbao za miti walichonga plastiki. Watu wengi walikumbuka ndara za rangi zilizolifunika nje, kama 30,000, na zilipendeza kwenye picha. Lakini ndara haikubebi baharini. Ndara nyingi za povu zimefungwa ndani kwa kemikali kiasi kwamba haziyeyuki zikatiririka tena, ukizipasha zinaungua tu. Ndiyo maana ndara zilibaki kuwa vazi la nje, na kazi ya kubeba ilifanywa na plastiki inayokubali kuyeyushwa na kuwa ubao.

Fikiria sasa plastiki inapotoka kwenye mdomo wa ekstruda. Bado ni ya moto, haina kalibu ya kuishika pande zote, na inatakiwa ibaki na umbo lake mpaka ipoe. Ukitia mali ya 8, inatoka kama uji mwepesi, inalegea, inaning'inia kwa uzito wake yenyewe. Mali ya 0.3 inatoka nzito na kusimama. Minyororo mirefu iliyofungana ndiyo inayoishika. Ndiyo sababu ileile dumu linatengenezwa kwa mali hiyo: kiwandani linaanza kama bomba la plastiki laini linaloning'inia hewani, kisha linapulizwa upepo. Likiwa jepesi, bomba lingeanguka chini kabla ya kupulizwa.

Hapa tabia ile ya tomato sosi inakufaa tena. Ndani ya mdomo mwembamba plastiki inapita haraka na kuwa nyepesi, ikishatoka nje mwendo unakwisha na inarudi nzito. Nyepesi pale unapoihitaji ipite, nzito pale unapoihitaji isimame.

Mali nzito ina vituko vyake lakini. Cha kwanza, inavimba. Minyororo iliyonyooshwa ndani ya mdomo inajikunja tena ikitoka, kwa hiyo fito inatoka nene kuliko tundu. Ukitoboa mdomo wa milimita 20 usitegemee fito ya milimita 20. Toa kwanza kipande cha majaribio, kipime kikipoa, ndipo umwambie mteja vipimo. Cha pili, ukiikimbiza sana, uso unatoka na mikwaruzo myembamba, ukipapasa unaisikia kama ngozi ya papa. Hapo watu wanadhani plastiki ni chafu, wanaiosha tena bure. Mara nyingi ni kasi tu. Punguza mwendo wa skrubu au pasha mdomo kidogo zaidi, uso unarudi laini.

Pima kwa mashine yako mwenyewe

Huna kifaa cha kupimia MFI, na hukihitaji. Unachohitaji ni kulinganisha, na mashine yako ya mkono pamoja na mizani ya kupimia viungo vinatosha.

Ondoa kalibu. Weka moto nyuzi 190 na usiuguse tena. Jaza vizibo vilivyosagwa, subiri dakika 10 vyote viyeyuke. Ning'iniza uzani mmoja kwenye mkono wa mashine, mfano ndoo yenye lita 10 za maji, ambazo ni kilo 10, uifunge kwa kamba imara na usisimame chini yake. Plastiki itaanza kutoka mdomoni. Ya mwanzo ina mapovu, ikate utupe. Kisha washa saa ya simu, acha itoke dakika moja kamili, kata, iache ipoe, pima. Fanya mara tatu uchukue wastani. Safisha silinda, rudia na plastiki ya dumu kwa moto uleule na ndoo ileile. Vaa glavu za ngozi, maana tone la HDPE likishika kidole halifutiki.

Tuseme vizibo vimetoa gramu 12 kwa dakika na dumu gramu 1. Hizo si MFI, usiziandike hivyo kwenye tangazo. Na usishangae kwamba tofauti ni mara 12 badala ya 27. Ndoo yako inasukuma kwa nguvu zaidi kuliko kilo 2.16 ya maabara, na tumeshasema mali nzito inanufaika zaidi na nguvu. Lakini umepata kipimo chako. Kuanzia hapo, kila gunia jipya la chakavu lipe dakika yake moja. Likitoa gramu 9 kwenda juu, ni la kima punju. Gramu 4 au 5, ni la visahani vinene. Chini ya 2, ni la fito, au umuuzie mwenye ekstruda. Kalibu yako na mdomo wako vitakupa mipaka yako, usikopi hii ya mfano.

Jaribio hilohilo linakufichulia jambo jingine. Mabaki yako ya PP ukiyayeyusha mara ya pili na ya tatu, utaona gramu zinapanda kila mara. Usifurahi kwamba inajaza vizuri zaidi. Moto unakata minyororo, na PP yenye minyororo iliyokatika inajaza kalibu kama maji halafu inavunjika ikianguka sakafuni. Changanya mabaki kidogo kidogo na PP ambayo haijayeyushwa sana.

Kwa wauza sabuni na mafuta

Kuna wengi humu ambao hawatengenezi plastiki ila wanainunua: chupa za sabuni ya maji, za mafuta ya nazi, za shampuu ya mwani. Hesabu hii inawahusu pia, labda kuliko wote.

Minyororo mirefu inafanya HDPE isipasuke. Mifupi inajaza kalibu haraka na kwa bei nafuu, lakini ina adui mmoja: sabuni. Sabuni ya maji haiyeyushi HDPE, ila ikikutana na plastiki iliyobanwa au kukunjwa, inaingia kwenye vinyufa vidogo na kuvifungua taratibu. Chupa inakaa wiki tatu vizuri, halafu inapasuka kwenye bega au kwenye kona ya chini, palepale inapobanwa. Mteja wa Mwanza anafungua boksi limelowa. Unadhani ni basi limetupa mzigo, unagombana na wakala bure.

Kwa hiyo ukiagiza chupa nyingi, muulize mwenye kiwanda au wakala maswali mawili: HDPE hii ni ya kupulizia, na MFI yake ni ngapi kwa kilo 2.16? Akikwambia iko chini ya 0.5, mpe oda ya majaribio. Akisema 5 au 8, hiyo ni mali ya ndoo na makreti, itafaa bizari na iliki kavu, si sabuni. Akishindwa kujibu, nunua chupa tano tu, zijaze sabuni yako, zifunge, zibane kwa mpira mpaka ubavu uingie ndani, uziweke mahali penye joto kwa mwezi mmoja juu ya karatasi nyeupe. Karatasi ikibaki kavu chini ya zote tano, agiza mzigo.